Safari ya kati ya mteja na mteja: saa ya kazi au ya bure? Hesabu ya kea na msafishaji wa Uingereza

Dada mmoja anaamka saa kumi na moja alfajiri, anawasha gari, anazunguka nyumba saba za wazee hadi mchana, anarudi amechoka kabisa. Mwisho wa mwezi hati ya mshahara inasema amefanya kazi saa tano kwa siku. Yeye anajua alitoka nje saa nane nzima. Zile saa tatu zimekwenda wapi?

Jibu ni kwamba baadhi zimepotea kihalali, na baadhi ni pesa yake ambayo haijalipwa. Makala hii inaeleza namna ya kuzitenganisha, na namna ya kuziandika ili siku ukiuliza, usiulize kwa mdomo mtupu. Tunazungumzia Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi ya ukea wa majumbani, usafi wa nyumba na ofisi, na kazi za ujenzi zinazohama kutoka saiti moja kwenda nyingine siku hiyo hiyo. Kanuni ni moja kwa wote, mradi wewe ni mfanyakazi wa mtu, hata kama mkataba wako ni wa zero-awa. Anayefanya kazi kwa kujitegemea kweli, kama mafundi wengi wa ujenzi wanaojilipia kodi wenyewe, kanuni hii haimhusu.

Sheria inasemaje

Kanuni za kima cha chini cha mshahara za mwaka 2015 zinasema hivi kwa ufupi: mfanyakazi anayelipwa kwa saa, akisafiri kwa ajili ya kazi wakati ambao vinginevyo angekuwa kazini, muda huo wa safari ni muda wa kazi. Ila kuna safari moja imetolewa: ile ya kutoka nyumbani kwako kwenda kazini, na ya kutoka kazini kurudi nyumbani.

Kwa hiyo chora mstari wa siku yako. Nyumbani hadi mteja wa kwanza: haihesabiwi. Mteja wa kwanza hadi wa pili, wa pili hadi wa tatu, na kuendelea: inahesabiwa. Mteja wa mwisho hadi nyumbani: haihesabiwi. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Kazi iliamua hivyo katika kesi ya kea wa majumbani ambaye mwajiri alikuwa anamlipa dakika za ndani ya nyumba tu.

Watu wengi wanabishana kuhusu safari ya kwanza ya asubuhi, hasa mwajiri anapoleta gari lake kuwachukua. Mwaka 2024 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya wafanyakazi wa mashamba ya kuku waliokuwa wakichukuliwa majumbani kwao kwa basi dogo la mwajiri na kusafiri masaa. Ikasema kukaa ndani ya gari hilo si kazi ya kulipwa kima cha chini, ingawa hawakuwa na uhuru wa kuchagua usafiri mwingine. Basi usipoteze nguvu zako kwenye safari ya kutoka nyumbani. Lakini angalia tofauti hii: ukiambiwa uripoti kwanza ofisini au yadi, ukabeba vifaa au ukachukua funguo, ndipo uende kwa mteja, kazi imeshaanza pale yadi. Safari kutoka yadi hadi saiti inahesabiwa.

Muda wa kungoja na zile nafasi za katikati

Hapa ndipo penye utata, na ndipo watu wanapozidisha hesabu zao au kuzipunguza.

Kungoja basi au treni ukiwa safarini kati ya wateja ni sehemu ya safari. Kama basi linapita kila baada ya dakika ishirini na umesimama kituoni dakika kumi na mbili, hizo kumi na mbili andika. Vilevile ukifika mlangoni kwa mteja mapema na huwezi kuingia mpaka muda wake ufike, au unamngoja mwenzako kwa sababu mteja huyo anainuliwa na watu wawili, unangoja ili ufanye kazi. Hiyo pia inahesabiwa.

Lakini kama ratiba imekuachia saa moja na nusu katikati, na uko huru kabisa kwenda dukani, kulala garini au kukaa maktaba, muda huo kwa kawaida ni wako na haulipwi. Kinachobaki kulipwa ndani ya nafasi hiyo ni zile dakika ambazo safari yenyewe ingechukua. Kama kutoka kwa mteja huyu hadi yule ni dakika kumi na tano, andika kumi na tano, usiandike tisini.

Na ukiamua kurudi nyumbani kwako katika nafasi hiyo, ukapika na kupumzika, jua kwamba safari ya kurudi na ya kutoka tena zinakuwa safari za nyumbani na kazini. Hapo dai lako linadhoofika sana. Sisemi usirudi nyumbani, mtu anahitaji kupumzika. Nasema usiiandike kama safari ya kati ya wateja, maana mwajiri akipata mstari mmoja wa uongo katika daftari lako, atasema yote ni uongo.

Tuchukue siku moja tuihesabu

Hii ni siku ya mfano, na wateja nimewapa herufi. Dada wetu ana miaka 34, analipwa pauni 13.00 kwa saa, lakini kwa dakika za ndani ya nyumba za wateja tu. Mwezi ni Novemba 2025, ambapo kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa.

```
07:00-07:30  mteja A   30
07:30-07:45  safari    15
07:45-08:30  mteja B   45
08:30-08:50  safari    20
08:50-09:20  mteja C   30
09:20-09:30  safari    10
09:30-10:30  mteja D   60
10:30-10:45  safari    15
10:45-12:00  huru      (75)
12:00-12:45  mteja E   45
12:45-13:00  safari    15
13:00-13:30  mteja F   30
13:30-13:50  safari    20
13:50-14:50  mteja G   60
```

Dakika za ndani ya nyumba ni 300, yaani saa 5 kamili. Safari za katikati ni dakika 95. Zile dakika 75 alikaa maktaba, hatuzihesabu. Safari ya alfajiri kwenda kwa A na ya mchana kutoka kwa G hatuzihesabu pia. Muda wa kazi kisheria ni dakika 395, ambazo ni saa 6 na dakika 35.

Mwajiri alimlipa saa 5 mara pauni 13, ni pauni 65. Ukigawa 65 kwa saa 6.58 unapata pauni 9.87. Kwenye mkataba dada huyu anaonekana yuko juu ya kima cha chini. Kwa kweli yuko chini yake kwa zaidi ya pauni mbili kila saa. Alitakiwa asipate chini ya pauni 80.38 kwa siku ile, kwa hiyo kilichopungua ni pauni 15.38.

Akifanya siku 22 za namna hiyo katika mwezi, pengo ni pauni 338 na senti kadhaa. Piga kwa rate ya siku unayotuma nyumbani uone ni ada ya nani, au ni mifuko mingapi ya saruji kwenye ule msingi uliosimama.

Kabla hujakasirika, soma hati ya mshahara vizuri

Sheria hii haimlazimishi mwajiri kuandika mstari unaosema "safari" na kuulipia peke yake. Inachodai ni kwamba ukijumlisha malipo yako ya kipindi kimoja cha mshahara, ukagawa kwa saa zote za kazi za kipindi hicho, usianguke chini ya kima. Kwa anayelipwa kwa mwezi, hesabu inafanywa kwa mwezi mzima, si kwa siku moja moja.

Tuseme mwajiri mwingine anamlipa dada yule pauni 18 kwa saa ya ndani ya nyumba, safari hazitajwi popote. Mwezi una saa 110 za wateja na saa 34 na dakika 50 za safari, jumla saa 144 na dakika 50. Malipo ni 110 mara 18, pauni 1,980. Gawa, unapata pauni 13.67 kwa saa. Huyo hajavunja kanuni ya kima cha chini, hata kama inakuuma. Kama mkataba wako unaahidi kulipa safari na hailipwi, una dai, lakini ni dai la mkataba. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kutoa mkataba kabatini na kusoma sehemu ya malipo.

Unapofanya mgawanyo huo, chukua malipo kabla ya kodi. Usiingize pesa ya maili au petroli uliyorudishiwa, maana hiyo si mshahara, ni gharama yako imerudi. Nyongeza ya sikukuu au ya saa za ziada juu ya kiwango chako cha kawaida nayo iache nje.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kama unatumia gari lako kati ya wateja na mwajiri harudishi petroli, pesa hiyo inatolewa kwenye mshahara wako katika hesabu ya kima cha chini. Dada wetu wa pauni 13 akitumia pauni 60 za petroli kati ya wateja katika mwezi, malipo yake kwa hesabu hii si 1,430 tena, ni 1,370. Pengo linatoka pauni 338 kufika karibu 398. Nauli ya basi kati ya wateja ni vivyo hivyo. Kwa hiyo risiti usitupe. Petroli ya kutoka nyumbani haimo.

Tangu tarehe 1 Aprili 2026 kima kwa wenye miaka 21 na zaidi ni pauni 12.71. Ukihesabu mwezi, tumia kiwango cha mwezi huo, usichanganye.

Namna ya kuandika

Daftari la senti hamsini linatosha. Kila siku ukurasa mmoja. Kwa kila safari andika mambo matano: saa uliyotoka, ulikotoka, saa uliyofika, ulikofika, na usafiri uliotumia. Ukingoni acha nafasi ya neno moja la sababu: foleni, basi lilichelewa, mteja alianguka nikabaki.

Andika saa kwa tarakimu za saa 24, yaani 07:45, 13:30. Sisi tukiandika "saa mbili" tunamaanisha saa nane za Waingereza, na siku daftari likitafsiriwa na mtu asiyejua, asubuhi yako yote itakuwa usiku wa manane. Hata ujumbe wa sauti unaomtumia mratibu, taja saa ya Kiingereza.

Andika muda halisi, si wa ratiba. Programu nyingi za simu za kampuni za ukea zinapanga mteja amalizike 07:30 na mwingine aanze 07:30, kana kwamba mtu anaruka. Kinachotokea ni kwamba unakata dakika za mzee ili uwahi, au unamaliza siku umechelewa saa nzima. Unapobonyeza kuingia na kutoka kwa kila mteja, ile programu inahifadhi muda wako wa kweli. Huo ni ushahidi mzuri kuliko maneno yako, lakini uko mkononi mwa mwajiri. Siku akikufungia akaunti, umekwisha. Basi kila Ijumaa piga picha ya skrini ya ratiba ya wiki na ya saa za kuingia na kutoka, uzitume kwenye barua pepe yako binafsi.

Hapo tahadhari moja kubwa. Majina ya wateja, magonjwa yao, namba za kufungulia mlango, hivyo ni siri. Kwenye daftari tumia herufi na sehemu ya kwanza ya postikodi tu. Kwenye picha ya skrini funika jina kabla hujaituma. Usimpe mwajiri sababu ya kukushtaki wewe kwa kuvunja siri ya mzee wakati wewe ndiye unayedai.

Kwa safari unayorudia kila siku, fungua ramani ya simu mara moja, saa ile ile ya asubuhi, upige picha ya dakika inazoonyesha. Kama ramani inasema dakika 14 hadi 22 na wewe umeandika 18, hakuna atakayebisha. Kama kila safari yako ni dakika 30 kamili, mtu yeyote ataona umekadiria. Ndiyo maana andika pale pale kabla ya kugonga mlango. Kukaa mwisho wa mwezi ukajaza siku ishirini kwa kumbukumbu kunaonekana kwa wino mmoja na tarakimu zilizonyooka.

Kila Jumapili jumlisha mambo matatu: dakika za wateja, dakika za safari, na petroli au nauli. Mshahara ukiingia una hesabu mkononi. Hati ya mshahara ya anayelipwa kwa saa lazima ionyeshe saa alizolipwa, hiyo ni sheria tangu Aprili 2019. Linganisha saa zao na zako.

Pengo likionekana

Anza kwa maandishi ya upole kwa meneja au mtu wa mishahara. Taja mwezi, saa za wateja, saa za safari, malipo uliyopata, na wastani kwa saa. Kisha uliza safari zimehesabiwaje. Usianze kwa vitisho. Mara nyingine ni programu imewekwa vibaya, na mara nyingine ukiuliza wewe wanajua wengine watauliza.

Wakinyamaza, una haki ya kudai kuona kumbukumbu zao. Sheria ya kima cha chini ya 1998 inampa mfanyakazi mwenye sababu ya kuamini analipwa chini ya kima haki ya kuomba kwa maandishi kuonyeshwa rekodi za malipo na saa zake, na mwajiri ana siku 14 za kuzileta. Rekodi hizo anatakiwa kuzitunza miaka 6.

Baada ya hapo piga simu ACAS, namba 0300 123 1100. Ushauri wao ni bure, watakueleza upeleke lalamiko wapi. Ukitaka kwenda mahakama ya kazi mwenyewe, lazima upitie kwao kwanza kwa usuluhishi. Usilaze jambo hili: muda ambao watu wengi wamekuwa wakipewa kufungua kesi ya mshahara uliokatwa ni miezi mitatu kasoro siku moja tangu kukatwa kwa mwisho. Waulize ACAS tarehe yako ya mwisho ni lini, uiandike kwenye jalada la daftari.

Najua kinachowanyamazisha wengi. Viza iko kwa mwajiri, na mdhamini akijitoa, mtu kwa kawaida anapewa siku 60 kutafuta mwingine au kuondoka. Hofu hiyo si ya kudharau. Kisheria, kumfukuza mtu kwa sababu amedai kima cha chini ni kosa tangu siku yake ya kwanza kazini, na viza ya udhamini haikupunguzii haki hiyo. Lakini sheria inakuja baada ya mwezi umeshapita bila mshahara, na nyumbani wanangoja. Kwa hiyo wengine wanaanza kutafuta mdhamini mpya kimya kimya huku wanaandika, na wanauliza wakiwa kundi la watu watano badala ya mmoja. Hilo ni la kila mtu kupima na familia yake.

Kuandika hakuhitaji ruhusa ya mtu, wala hakuna anayejua kwamba unaandika. Kesho ukitoka kwa mteja wa kwanza, angalia saa, andika. Ukigonga kwa wa pili, andika tena.